Steitimenti ya mchango wa pensheni na hela iliyotoka benki ya mwajiri: jinsi ya kuzilinganisha mwezi kwa mwezi kwa mwaka mzima

Nimekaa kwenye mishahara miaka kadhaa na swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili: "kaka, kwenye slipu nakatwa kila mwezi, mbona steitimenti ya mfuko ina matobo?" Na jibu analopewa mtu mara nyingi ni "tumelipa, angalia, hii hapa benki", anaonyeshwa karatasi yenye hela nyingi na muhuri, anarudi kwenye kazi yake akiwa hajaelewa chochote. Kosa liko hapo hapo. Ile hela ya benki ni ya watu wote kwa mkupuo mmoja na haina jina lako, na steitimenti yako ina jina lako ila haikuonyeshi hela imetoka kwa nani siku gani, kwa hiyo ukizishika hizi mbili peke yake huwezi kuzilinganisha hata ukikesha. Katikati yake kuna karatasi ya tatu ambayo watu hawaiombi, nayo ni orodha ya wachangiaji.

Nitaeleza kwa mfano wa dada mmoja wa stoo tuliyekaa naye kufanya hii kazi mchana mzima, na mambo yalikuwa ya aina nne tofauti kwenye mwaka mmoja, nami nilikuwa na mkono wangu kwenye mawili.

Kwanza kusanya karatasi, nne tu

Slipu zako za mshahara miezi 12. Hizi ndo zinasema ulitakiwa uchangiwe kiasi gani na wewe ulikatwa kiasi gani.

Steitimenti ya mfuko, ile ya kina yenye mstari wa kila mwezi. Kuna watu wanapewa ile fupi ya ukurasa mmoja yenye salio tu, hiyo haikusaidii hapa. Unataka yenye mwezi wa mchango, tarehe hela ilipoingizwa, na kiasi, na kama inatenganisha sehemu yako na sehemu ya mwajiri ni bora zaidi.

Orodha ya wachangiaji ya kila mwezi. Hii ni ile shiti ambayo mwajiri anaituma kwa mfuko pamoja na malipo, ina majina, namba za uanachama, mshahara na mchango wa kila mtu, na chini kabisa kuna jumla. Mfuko unatumia hii kugawa ile hela ya mkupuo kwenye akaunti za watu. Omba ile iliyopokelewa na mfuko, yani yenye muhuri wa kupokelewa au ile inayoonekana kwenye mfumo wao kuwa imepokelewa, sio iliyopo kwenye kompyuta ya mhasibu. Ile ya kwenye kompyuta inaweza kuwa ilirekebishwa baadaye, sio lazima kwa nia mbaya, mtu tu kaona kosa akasahihisha kwake bila kutuma upya.

Halafu malipo ya benki. Hapa kuwa mpole maana steitimenti yote ya benki ya mwajiri hutapewa na kwa kweli sio mambo yako, humo kuna biashara zao zote. Unachoomba ni mistari ya malipo kwenda kwa mfuko peke yake, iliyotoka benki yenyewe. Na kwenye orodha ya wachangiaji wafunike mishahara ya wenzako, wewe unahitaji mstari wako na jumla ya chini, basi. Ukiomba hivi unapewa haraka kuliko ukiingia na sauti ya "nataka kuona vitabu".

Pili, weka mipaka ya mwaka vizuri

Hapa ndo wengi wanaanguka kabla hata hawajaanza. Mchango wa mwezi wa 1 haulipwi mwezi wa 1. Mshahara unatoka mwisho wa mwezi, mwajiri anapewa siku kadhaa za mwezi unaofuata kupeleka mchango, mfuko nao unachukua siku zake kugawa. Kwa hiyo mchango wa Januari unaweza kutoka benki Februari katikati na ukaonekana kwako mwisho wa Februari au Machi.

Sasa mtu anachukua benki ya kuanzia tarehe 1 Januari mpaka 31 Desemba, anahesabu malipo, anashangaa hayalingani. Lazima yasilingane, maana pale juu kuna malipo ya Januari ambayo ni mchango wa Desemba ya mwaka uliopita, na chini yanakosekana malipo ya Desemba ya mwaka huu ambayo yametoka Januari inayofuata. Mwaka unaoulinganisha ni miezi 12 ya mchango, yani miezi uliyofanya kazi. Benki unaichukua kuanzia 1 Februari mpaka angalau mwisho wa Februari ya mwaka unaofuata, na kama mwajiri wako ana tabia ya kuchelewa nenda mpaka Aprili. Steitimenti ya mfuko nayo iprinti baada ya hapo, ukiiprinti Desemba 31 utalia bure.

Na kwenye steitimenti ondoa kila kitu ambacho sio mchango: salio la mwanzo, riba, gawio, marekebisho ya miaka ya nyuma. Vyote hivyo viko mle na vina tarehe za mwaka huu huu.

Tatu, tengeneza shiti yenye kurasa tatu

Unaweza kufanya kwa karatasi na kalamu, miezi 12 sio mingi. Ila kwa kompyuta ni rahisi kurekebisha. Ukurasa wa kwanza uite Kuu, wa pili Steti, wa tatu Benki.

Miezi usiandike kama tarehe. Andika M01, M02 mpaka M12. Sababu ni kwamba ukiandika "Apr 24" kompyuta inaamua yenyewe kuwa ni tarehe, mara ni tarehe 24 Aprili mara ni Aprili ya mwaka 24, na ukurasa mwingine inaiona kama maneno, halafu fomula inakupa sifuri unadhani mwajiri hajalipa kumbe ni kompyuta haijaoanisha. M01 haina ujanja.

Kwenye Steti unaingiza mistari ya mfuko kama ilivyo: A ni mwezi wa mchango, B tarehe iliyoingizwa, C kiasi. Kwenye Benki: A tarehe, B mwezi wa mchango unaolipiwa, C kiasi. Kwenye Kuu, kuanzia safu A: mwezi, mshahara wa kwenye slipu, unaotakiwa, uliopo kwenye steitimenti, tofauti, jumla ya orodha, jumla ya benki, tofauti ya pili. Fomula ni hizi, ukiziandika mstari wa 2 unaburuta mpaka wa 13:

```
C2: =B2*20%
D2: =SUMIF(Steti!A:A,A2,Steti!C:C)
E2: =D2-C2
G2: =SUMIF(Benki!B:B,A2,Benki!C:C)
H2: =G2-F2
```

Ile 20% ni ya mfano wetu, mfanyakazi 10 na mwajiri 10. Weka ya skimu yako, na kabla ya kuandika chochote soma masharti yanasema mchango unahesabiwa kwenye mshahara upi, wa msingi tu au na marupurupu ndani, na kama kuna kiwango cha juu ambacho mshahara ukizidi hapo hauhesabiwi. Nimeona mtu amegombana na ofisi wiki nzima kwa sababu alipiga asilimia kwenye hela yote ya mkononi pamoja na ovataimu wakati skimu yake inaangalia msingi tu.

Kitu kingine kidogo kinachosumbua: ukikopi namba kutoka kwenye PDF zikiwa na mkato katikati, mara nyingine zinaingia kama maneno na SUM inaziruka kimya kimya. Zipime kwa `=ISNUMBER(C2)` kwenye ukurasa wa Steti, ikijibu FALSE andika ile namba upya kwa mkono.

Nne, jaza, halafu usikimbilie jumla

Dada wa stoo alikuwa na mshahara wa 600,000 Januari mpaka Juni, Julai akapandishwa 700,000. Kwa hiyo alitakiwa kuchangiwa 120,000 kwa mwezi nusu ya kwanza na 140,000 nusu ya pili. Mwaka mzima 1,560,000. Steitimenti ya mfuko ilikuwa na 1,240,000. Pengo 320,000.

Sasa ukilibeba hilo pengo hivyo hivyo mpaka kwa bosi hutafika popote, maana ndani yake kuna mambo tofauti na kila jambo lina mtu wake. Na kuna kosa jingine ambalo kwenye jumla halionekani kabisa. Soma mwezi kwa mwezi, na soma safu mbili za tofauti, E na H, kwa pamoja. E inakuambia wewe umepata au hujapata. H inakuambia hela iliyotoka benki inalingana na orodha iliyotumwa au hailingani.

Januari, Februari, Machi zote sifuri sifuri, pita.

Aprili: hela ipo, mwezi haupo

Aprili steitimenti haina kitu kabisa, Mei ina 240,000. Benki nako Mei hakuna malipo yoyote, ila tarehe 12 Juni imetoka 3,792,500. Jumla ya orodha ya watu wote 14 kwa mwezi ilikuwa 1,850,000, mara mbili ni 3,700,000. Imezidi 92,500. Hapo dada akaniangalia, "kaka hii ya juu ni ya nani?" Nikamwambia igawe kwa 1,850,000, ikaja asilimia 5 kamili. Ni faini ya kuchelewesha Aprili. Ukiona malipo ya benki yamezidi orodha kwa namba isiyoeleweka, kitu cha kwanza igawe kwa jumla ya mwezi mmoja uone kama ni asilimia ya faini ya skimu yenu, kwa sababu faini hupelekwa pamoja na mchango lakini haimo kwenye orodha ya wachangiaji.

Kwa hiyo kwenye ukurasa wa Benki malipo hayo usiyaweke mstari mmoja, yavunje mitatu: M04 1,850,000, M05 1,850,000, na ya tatu andika FAINI 92,500 ili isiingie kwenye mwezi wowote. H ikawa sifuri miezi yote miwili. E ikawa kasoro 120,000 Aprili na ziada 120,000 Mei, zinafutana.

Wengi wakiona zimefutana wanasema basi imeisha. Haijaisha. Skimu nyingi zinahesabu miezi uliyochangia ili kujua kama umefikisha sifa ya kupata pensheni au mafao mengine, na pale mfuko umeandika Mei umechangiwa mara mbili, Aprili haukuchangiwa. Hela iko sawa ila umepoteza mwezi. Ilitokea kwa sababu aliyetuma alipakia orodha zote mbili akizipa mwezi wa Mei. Dawa yake ni barua fupi kwa mfuko kutoka kwa mwajiri, sio wewe, ya kuomba nusu ihamishiwe Aprili, na orodha halisi ya Aprili ikiwa imeambatanishwa. Hakuna hela mpya inayohitajika.

Julai na Agosti: kila kitu kinalingana na bado umepunjwa

Hii ndo ninayotaka uielewe kuliko zote. Julai, orodha 1,850,000, benki 1,850,000, H sifuri. Mhasibu akikuonyesha hizo mbili ana haki ya kusema "tumelipa yote kama ilivyo kwenye orodha" na hajadanganya hata neno. Ila steitimenti ya dada ina 120,000 na slipu inataka 140,000. E kasoro 20,000. Agosti hivyo hivyo. Septemba orodha ikapanda 1,930,000 na yake ikawa 140,000, kimya.

Kilichotokea ni kwamba orodha ya mwezi mpya ilikuwa inatengenezwa kwa kukopi ya mwezi uliopita na kubadilisha kichwa. Mkopaji nilikuwa mimi. Walipandishwa watu 4 kwa 100,000 kila mmoja, mfumo wa mishahara ukajua, orodha ya mfuko haikujua. Nne mara 20,000 ni 80,000, ndo hiyo tofauti ya 1,850,000 na 1,930,000, na ukiona jumla ya orodha imeruka ghafla Septemba wakati slipu zilipanda Julai ujue katikati kuna miezi imebaki nyuma.

Benki na orodha zililingana kwa sababu zote mbili zilitoka kwenye kosa moja, kwa hiyo kuzilinganisha hizo peke yake hakuwezi kukuonyesha kitu. Slipu ndo shahidi. Na iangalie slipu kwa karibu: Julai dada alikatwa 70,000, ndo asilimia 10 yake ya 700,000. Zilizopelekwa kwa jina lake ni 120,000, yani 60,000 yake na 60,000 ya mwajiri. Maana yake kuna 10,000 iliyotoka mfukoni mwake ikabaki kwenye akaunti ya kampuni, na 10,000 ya mwajiri ambayo haikutoka kabisa. Kwa miezi miwili, 20,000 ni hela yake aliyokwisha katwa. Ukiandika malalamiko tenganisha hizo mbili. Ya kwanza haina mjadala wala haihitaji bajeti, tayari alishakatwa.

Dawa: mwajiri anatuma orodha ya nyongeza ya Julai na ya Agosti yenye watu wale 4 na ile tofauti tu, 80,000 kila mwezi, na malipo yake. Wasiiweke ndani ya orodha ya mwezi wa sasa kwa kukuandikia mchango mkubwa mwezi mmoja, maana hapo utarudi kwenye ugonjwa wa Aprili, na mfumo wa mfuko unaweza kuukataa kwa kuwa mchango haufanani na mshahara ulioandikwa.

Oktoba: hela imetoka, imefika, haina mwenyewe

Oktoba steitimenti haina mstari. Orodha 1,930,000, benki tarehe 14 Novemba imetoka 1,930,000, haikurudi. Jina lake liko kwenye orodha, mshahara sawa, mchango 140,000 sawa. Watu wengine 13 wote wamepata. Hapa mtu anaweza kuapa kuwa mfuko umekula hela.

Tukaweka steitimenti na orodha bega kwa bega, nikamwambia asome namba ya uanachama kwa sauti, tarakimu moja moja, na mimi nafuata kwa kidole kwenye orodha. Usisome kwa macho peke yako, macho yanasoma kile yanachokitegemea. Tulipofika mwisho akasema "nne, saba", kidole changu kiko kwenye saba, nne. Mwezi ule shiti iliharibika nikaandika namba upya kwa mkono, na hapo nikazigeuza.

Namba ikishakosewa mambo ni mawili. Ama namba hiyo ni ya mtu mwingine wa kweli na jina halifanani, au haipo kabisa. Mifuko mingi mfumo unakagua jina na namba pamoja, visipolingana ule mstari hauingii kwa mtu, hela inawekwa pembeni kwenye akaunti ya michango isiyotambulika ikisubiri mtu aje aidai. Inaweza kukaa hapo muda mrefu sana, haikutafuti. Mfumo usiokagua jina ndo hatari zaidi, hela inaingia kwa mtu mwingine na yeye anaona amepata mchango wa ziada wala hajui umetoka wapi.

Alama ya kujua kuwa ni tatizo la namba na sio la hela: mwezi mmoja tu umekosekana, wenzako wa orodha ile ile wamepata, na benki imelingana na orodha. Muulize mwenzio wa dawati la jirani kama Oktoba yake ipo kabla ya kupiga simu popote, ni kipimo cha dakika moja. Kama wote hamna, tatizo ni la malipo au orodha nzima haijapokelewa, na hapo usipoteze muda kwenye namba yako.

Kwa Oktoba mwajiri hadaiwi hela. Anadaiwa barua ya masahihisho: namba iliyoandikwa, namba sahihi, mwezi, kiasi, na nakala ya orodha na risiti ya malipo. Wewe ongeza kopi ya kadi yako ya uanachama.

Desemba: vocha ipo, muhuri upo, hela ilirudi

Hii ilituchukua muda kuliko zote. Faili la Desemba lilikuwa limekamilika na kupendeza: vocha ya malipo imesainiwa, agizo la benki la tarehe 15 Januari lina muhuri, 1,930,000. Mhasibu mwenzangu aliweka karatasi mezani kabla hata hatujauliza. Steitimenti ya dada haina Desemba, na safari hii na wa jirani hana, na wa mbele hana.

Agizo la malipo linathibitisha kwamba mwajiri aliiambia benki ilipe, halithibitishi kama hela ilifika. Ndo maana nasema omba mistari ya steitimenti ya benki na sio kopi za maagizo, na uombe iende wiki mbili tatu mbele ya tarehe ya malipo, na iwe na pande zote mbili, hela inayotoka na inayoingia. Tarehe 15 Januari 1,930,000 ilitoka. Tarehe 17 Januari 1,930,000 ile ile iliingia, na maelezo ya mstari yakisema imerudishwa. Ile namba ya kumbukumbu iliyotolewa na mfuko kwa ajili ya malipo ilikuwa imeisha muda wake, upande wa pili ukaikataa. Hakuna aliyegundua kwa sababu kwenye kitabu cha malipo ilishaandikwa imelipwa, na ile iliyorudi iliandikwa kama mapato mengine.

Kwenye ukurasa wa Benki ingiza mistari yote miwili, 1,930,000 na -1,930,000, zote M12. SUMIF itakupa sifuri, H itaonyesha kasoro 1,930,000, na hapo huna haja ya kuongea sana. Ukiingiza ile inayotoka tu, H itakuwa sifuri na utaenda kuhangaika na mfuko kwa kosa ambalo sio lao.

Hapa anayedaiwa ni mwajiri, hela yote, ya watu wote 14, pamoja na faini ya kuchelewa ambayo ni ya kwake na haitakiwi kukatwa kwenye slipu ya mtu.

Tano, piga hesabu ya pengo upya na uandike

Sasa ile 320,000 inavunjika hivi: Julai na Agosti 40,000, Oktoba 140,000, Desemba 140,000. Imetimia. Hii hatua usiiruke, kama vipande havifiki kwenye pengo kamili kuna mwezi umeusoma vibaya, rudi. Aprili haimo kwenye hesabu ila imo kwenye barua.

Na kama steitimenti yako inatenganisha safu ya mfanyakazi na ya mwajiri, rudia hesabu kwa kila safu. Kuna mtu analinganisha makato ya kwenye slipu na safu ya kwanza, anaona 60,000 kwa 60,000, anafurahi, kumbe safu ya pili iko tupu miezi mitatu.

Barua iwe moja, fupi, kwa mwajiri, nakala kwa mfuko, na kila mwezi uwe na sentensi yake na karatasi yake nyuma. Tuliandika hivi, karibu neno kwa neno:

"Aprili: mchango uliingizwa Mei, naomba uhamishiwe mwezi husika. Julai na Agosti: orodha ilitumia mshahara wa 600,000 badala ya 700,000, pungufu 20,000 kila mwezi, kati yake 10,000 nilikatwa kwenye slipu. Oktoba: namba ya uanachama kwenye orodha inaishia 74, sahihi ni 47. Desemba: malipo ya 15 Januari yalirudi 17 Januari, hayajarudiwa."

Hakuna neno la hasira humo na hakuna "naomba mnisaidie kuangalia", kwa sababu ukiandika muangalie, wataangalia, watakuonyesha vocha ya Desemba na mtaanza upya. Iwe na tarehe, ipokelewe kwa saini kwenye nakala yako.

Marekebisho ya mfuko hayaji siku hiyo hiyo, na yakija hayaji yote pamoja. Ukiprinti steitimenti mpya usiangalie salio limepanda kiasi gani, angalia safu ya mwezi wa mchango. Nyongeza ya Julai inatakiwa isomeke Julai hata kama tarehe ya kuingizwa ni ya Machi mwaka unaofuata. Ya dada Desemba iliingia kwanza, ndani ya wiki tatu, halafu Julai na Agosti, Aprili ikahamishwa. Oktoba ilichelewa sana, tukarudishiwa barua mara ya kwanza kwa sababu niliambatanisha agizo la benki badala ya risiti ya mfuko, na hiyo nayo nilijitakia.